Andalio la somo la eneo la duara kwa kukata vipande: makundi yangu yamepata 139, 157 na 160 badala ya 154

Mwl_Kasulu (Jumamosi, saa 2:10 usiku)

Habari zenu walimu, na wengine wote mnaopita humu. Ninafundisha Hisabati Darasa la Sita katika shule moja ya msingi huku Kasulu. Wiki iliyopita nilifundisha eneo la duara kwa kukata duara la karatasi na kulipanga upya, badala ya kuandika kanuni ubaoni na kuwataka wanafunzi waikariri. Somo lilikwenda vizuri mpaka dakika kumi za mwisho, na hizo dakika kumi ndizo zilizonileta hapa.

Nilichukua vipindi viwili vilivyofuatana, yaani dakika 80. Kipindi cha kabla yake tulikuwa tumezungusha uzi kwenye makopo na vifuniko, tukaona kwamba mzingo ni kipenyo mara tatu na kidogo, kwa hiyo pai haikuwa ngeni kwao. Siku ya somo kila kundi la wanafunzi sita lilichora duara lenye nusukipenyo cha sentimita 7, kwa kutumia msumari, uzi na penseli, kwa sababu bikari tunazo mbili tu. Wakalikata, wakalikunja mara tatu kupitia katikati ili kupata vipande 8 vilivyo sawa, wakapaka nusu ya duara rangi ya buluu na nusu nyingine wakaiacha nyeupe. Kisha wakakata vipande vyote na kuvipanga kimoja ncha juu, kinachofuata ncha chini, vya buluu vikiingiliana na vyeupe kama meno, wakavibandika kwenye daftari kwa gundi ya uji wa muhogo. Umbo likatoka kama msambamba wenye kingo za mawimbi.

Hapo nikauliza maswali niliyokuwa nimeyaandaa. Upande wa chini wenye rangi ya buluu umetoka wapi? Wakajibu kwamba ni nusu ya mzingo, yaani 22. Upande mfupi je? Ni nusukipenyo, yaani 7. Kwa hiyo eneo ni 22 mara 7, sawa na sentimita za mraba 154. Darasa lilifurahi, nami nikafurahi.

Kosa langu, kama ni kosa, ni kwamba nikawaambia wahakikishe kwa rula. Makundi kumi yalipima urefu wa 21.4 na kimo cha 6.5, wakapata 139. Kundi moja lilipima kimo kutoka kilele cha wimbi la chini hadi kilele cha wimbi la juu, likapata 7.5, na eneo likawa 160 na nusu. Kundi jingine lilipima urefu kutoka pembe ya mwisho ya kushoto mpaka pembe ya mwisho ya kulia, likapata 24.1, nalo eneo likawa 157. Hao wa 157 niliwapigisha makofi kwa kuwa ndio waliokaribia zaidi. Binti mmoja wa kundi la 139 akasimama akauliza: "Mwalimu, hiyo karatasi nyingine 15 imekwenda wapi?" Nikamjibu kwamba ni makosa ya kupima. Jibu hilo halikumridhisha, na nikiwa mkweli halikuniridhisha hata mimi, kwa sababu makosa ya kupima hutawanyika huku na huku, lakini makundi kumi hayawezi kukosea kwa namba ile ile.

Ninaomba mnisaidie mambo mawili: hiyo 15 imekwenda wapi, na nibadilishe nini katika andalio kabla sijaingia mkondo B wiki ijayo.

Kipanga_Nzega (Jumamosi, saa 2:48 usiku)

Mwangaluka, Mwalimu. Tatizo lako ni dogo: vipande 8 ni vichache mno. Mimi hukata 16, na wanafunzi wangu wakipima kwa rula hupata kama 150. Mwenzangu alipiga hesabu ya vipande 32 akaona kwamba itakuwa 153. Kadiri unavyokata zaidi ndivyo eneo linavyoongezeka mpaka linafika 154. Kata 16, uwaambie kwamba hapo umbo limekuwa mstatili kamili, usonge mbele. Ukianza kuwaeleza mambo ya mawimbi utapoteza kipindi kizima.

Fundi_Bati_Isevya (Jumamosi, saa 3:05 usiku)

Naomba nichangie, ingawa mimi si mwalimu. Ni fundi bati hapa Isevya, Tabora mjini, na kazi yangu ni kukata maduara kila siku: vifuniko vya ndoo, vya mapipa, na vya sufuria za mama lishe. Upotevu wa 15 katika 154 ni mkubwa sana. Kwa uzoefu wangu unatokana na mkasi butu, au na watoto kukata nje ya mstari. Wachoree mstari wa pili ndani ya ule wa kwanza, kama milimita 2 hivi, wakate kwa kufuata huo. Tena kwa nini mnakata duara likiwa limeshakamilika? Mimi nikitaka kifuniko cha kipenyo cha sentimita 28 hukata kwanza mraba wa 28 kwa 28, halafu najua kwamba robo yake itakuwa chakavu ya kwenye kona na robo tatu ndiyo mfuniko. Hesabu imekwisha, wala sihitaji pai.

Mzee_wa_Chaki (Jumapili, saa 4:20 asubuhi)

Nimestaafu, lakini somo hili nimelifundisha miaka mingi hapa Tabora, darasani na kwa walimu walioko mafunzoni, na swali la binti huyo nimelisikia mara nyingi kuliko ninavyoweza kuhesabu. Mwalimu, tafadhali mtafute umwambie kwamba aliuliza swali la maana kuliko yote yaliyoulizwa siku hiyo.

Karatasi haikupotea. Chukua lile umbo la vipande 8 uliangalie vizuri. Kingo zake za juu na za chini zina matuta, manne juu na manne chini. Wanafunzi walipoweka rula kupima kimo, waliiweka bondeni, pale vipande viwili vinapokutana, wakapima mpaka bonde la upande wa pili. Walipopima urefu, walipita pia mabondeni kwa mstari ulionyooka. Kwa hiyo 21.4 mara 6.5 ni eneo la msambamba uliofichwa ndani ya umbo lenu, na matuta yote 8 yamebaki nje yake. Kila tuta lina eneo la karibu sentimita 2 za mraba, kasoro kidogo. Matuta 8 yanakupa hiyo 15. Ukitaka kumwonyesha kwa macho, mpe mkasi ayakate matuta, ayabandike kwenye karatasi ya miraba ya sentimita moja, ahesabu.

Kundi la 160 lilifanya kinyume. Lilipima kutoka kilele hadi kilele, kwa hiyo likahesabu na nafasi tupu zilizomo mabondeni kana kwamba zina karatasi.

Kundi la 157 ndilo linalonitia wasiwasi. Hao walipima kimo bondeni, kwa hiyo waliacha matuta nje kama wenzao. Lakini urefu walipima kutoka ncha hadi ncha ya umbo lililolala upande, wakaongeza nusu ya kipande ambayo haipo. Walipungukiwa na 15 kwa kosa moja na kuzidisha kama 17 kwa kosa jingine, na makosa mawili yakakaribia kufutana. Umewapigia makofi waliokosea mara mbili. Sikulaumu, nimewahi kufanya hivyo hivyo. Dawa yake ni kukata kipande cha mwisho katikati, kuanzia nchani hadi kileleni, na nusu yake kuihamishia upande wa pili, ili umbo lisimame wima kama mstatili. Hapo hakuna tena pembe ya mwisho inayochomoza.

Kijana wa Nzega, umeshika nusu ya jambo. Ni kweli kwamba vipande vingi husaidia. Lakini eneo haliongezeki: ni karatasi ile ile, mkasi hauzalishi karatasi. Kinachobadilika ni kiasi cha karatasi kinachokamatwa na rula. Kwa vipande 8 rula inaacha nje 15, kwa 16 inaacha kama 4, kwa 32 inaacha kama 1. Kila unapozidisha idadi ya vipande mara mbili, kinachobaki nje kinakuwa karibu robo ya kile cha mwanzo. Ukimwambia mtoto kwamba eneo linakua, umemwondolea msingi mzima wa somo, maana kanuni yote inasimama juu ya jambo moja tu, kwamba kukata na kupanga upya hakubadilishi eneo. Na kwa vipande 16 umbo bado si mstatili kamili. Usiwaambie hivyo, kwa sababu wana macho.

Fundi, karibu sana, nitarudi kwako baadaye. Ila hapa mkasi hauna hatia.

Mama_Ujiji (Jumapili, saa 7:30 mchana)

Shikamoo Mzee wa Chaki. Mwl_Kasulu, pole na hongera kwa pamoja. Mimi ninafundisha hapa Ujiji darasa lenye wanafunzi zaidi ya 90, na shida yangu ya kwanza haikuwa matuta, ilikuwa vipande kupotea. Upepo wa ziwani ukiingia dirishani, vipande 16 vya makundi 15 vinakuwa mvua ya karatasi. Siku moja kundi moja lilipata 144 nikashangaa, mpaka nilipohesabu vipande vyao nikakuta 15. Kipande kimoja katika 16 kina eneo la kama 9 na zaidi kidogo, na ndicho kilichokuwa kimepungua. Kumbe na wao walikuwa sahihi kwa karatasi waliyokuwa nayo.

Tangu hapo sikati vipande mpaka mwisho. Ninakata duara katika nusu mbili, moja ya rangi na moja nyeupe. Kila nusu naikata kutoka katikati kuelekea ukingoni, lakini naacha milimita 2 hivi pembeni bila kukata. Ukiishika nusu hiyo na kuuvuta ukingo wake unyooke, inafunguka kama kitana, meno yote yakiwa yameshikwa na ukingo mmoja. Vitana viwili vinaingizwa meno kwa meno. Hakuna kipande kinachopotea, na zaidi ya hapo mtoto anaona kwa macho yake ukingo wa nusu duara ukinyooka na kuwa upande wa mstatili. Huhitaji kumuuliza buluu imetoka wapi, maana hajaiachia mkononi. Tumia karatasi ya daftari. Kadibodi ya boksi hukatika pale pembeni unapoinyoosha.

Kuhusu kukunja: mara ya tatu haina shida, mara ya nne karatasi imeshakuwa nene na mikunjo ya ndani haiendi pamoja na ya nje. Ndiyo maana ninakata nusu mbili kwanza, kisha kila nusu naikunja peke yake.

Mwanachuo_Ualimu (Jumapili, saa 12:15 jioni)

Shikamooni. Nipo mwaka wa pili chuoni, na ningependa kupingana kidogo na njia yenyewe. Kama umbo haliwi mstatili hata kwa vipande 32, na halitakuwa hata kwa 1,000, basi tunachowaonyesha wanafunzi si uthibitisho bali ni makadirio yaliyovishwa nguo ya uthibitisho. Kwa nini tusitumie njia ya kamba? Unazungusha kamba ya katani kuanzia katikati mpaka ipate duara lililojaa, kama mkeka wa mviringo unavyoanza kushonwa, halafu unaikata kwa mstari mmoja kutoka pembeni hadi katikati na kuzifungua kamba zote zilale. Zinalala kama ngazi: ya nje ndefu kuliko zote, yenye urefu wa mzingo mzima, ya katikati nukta tu. Umbo linakuwa pembetatu yenye kitako cha 44 na kimo cha 7. Nusu ya 44 mara 7 ni 154, bila matuta yoyote.

Pia nilitaka kuuliza kama ni halali kutumia 22/7 ilhali tunajua kwamba si pai yenyewe.

Mzee_wa_Chaki (Jumapili, saa 3:00 usiku)

Marahaba wanangu.

Mama wa Ujiji, njia ya kitana ni nzuri, nami nimeitumia. Niongeze tu kwamba mikunjo isipokuwa sawa kabisa si msiba. Kila kipande, kiwe kinene au chembamba, bado kina urefu wa 7 kutoka ncha hadi ukingo, kwa hiyo jumla haibadiliki. Kitakachotokea ni kwamba umbo litapinda kidogo kama ndizi. Msiba ni mikunjo isiyopita katikati, maana hapo ncha za vipande hazitakuwa ncha, na meno hayataingiliana. Mwalimu akiona tundu dogo pale palipokuwa katikati ya duara, au ncha iliyochongoka upande, aujue ugonjwa hapo hapo.

Mwanachuo, pembetatu yako ni ya heshima ya kale. Akimedesi, Myunani wa Sirakusa, alithibitisha zaidi ya miaka 2,200 iliyopita kwamba eneo la duara ni sawa na la pembetatu mraba ambayo upande wake mmoja ni mzingo na mwingine ni nusukipenyo. Ni huyo huyo aliyeonyesha kwamba pai ni ndogo kuliko 22/7 na kubwa kuliko 223/71. Kwa duara letu la 7, kosa la kutumia 22/7 halifiki hata moja ya kumi ya sentimita moja ya mraba, kwa hiyo tumia bila hofu, ila usiwaambie kwamba ndiyo pai yenyewe. Lakini usidhani kwamba kamba haina matuta. Kamba ina unene, na upande wa mteremko wa pembetatu yako ni ngazi. Tena kamba ya nje ukiinyoosha, upande wake wa ndani unavutika, kwa sababu ulikuwa mfupi kuliko wa nje. Umehamisha tatizo tu, hujaliondoa.

Kuhusu kwamba si uthibitisho, nakubaliana nawe nusu. Mimi hufanya hivi: ninawapa vipimo viwili wavilinganishe. Cha kwanza ni uzi uliolazwa juu ya matuta yote ya upande mmoja, ukifuata kila mpindo, kisha ukanyooshwa kwenye rula. Uzi huo ni nusu ya mzingo, 22, uwe umekata vipande 8, 16 au 32. Haubadiliki, kwa sababu ni ukingo ule ule wa duara. Cha pili ni rula iliyopita mabondeni: 21.4 kwa vipande 8, 21.8 na ushee kwa 16, na kwa 32 jicho haliwezi tena kuitofautisha na 22. Vivyo hivyo kwa kimo. Ukingo uliokatwa na mkasi ni 7 daima, ila rula iliyosimamishwa bondeni hadi bonde inasoma 6.5, kisha 6.9, kisha karibu kabisa na 7. Rula inaufukuza uzi na haiupiti. Mtoto wa Darasa la Sita anaweza kuliona hilo na kulisema kwa maneno yake. Je, huo ni uthibitisho? Kwa mwanahisabati bado. Kwa mtoto ni zaidi ya kuambiwa.

Mwanachuo_Ualimu (Jumapili, saa 3:25 usiku)

Nashukuru Mzee, ingawa bado naona kwamba neno "haiupiti" ndilo lenye kazi yote, na hilo hatulithibitishi bali tunaliamini kwa sababu ya vipimo vitatu. Tuliache hapo.

Kipanga_Nzega (Jumapili, saa 3:40 usiku)

Nimekubali kuhusu karatasi kutoongezeka, ulimi uliteleza. Ila bado nashikilia suala la muda. Mimi nina kipindi kimoja cha dakika 40, si viwili, na mthibiti ubora aliyekuja kwetu aliuliza kwa nini kanuni haikuwa ubaoni mpaka dakika ya 30. Uzi na rula na miraba ni vitu vya shule yenye nafasi.

Fundi_Bati_Isevya (Jumatatu, saa 1:50 asubuhi)

Mzee uliahidi kunirudia. Kwa hiyo robo yangu ni sawa au si sawa?

Mzee_wa_Chaki (Jumatatu, saa 3:10 asubuhi)

Fundi, robo yako inakudhulumu wewe mwenyewe. Mraba wa 28 kwa 28 ni 784. Ukitoa robo unabaki na 588. Lakini mfuniko wenye nusukipenyo cha 14 una 22/7 mara 14 mara 14, yaani 616. Ukitaka kanuni ya karakana isiyo na pai, gawa mraba wako katika mafungu 14 na utoe 3: fungu moja ni 56, matatu ni 168, na 784 ukitoa 168 unapata 616 hiyo hiyo. Kwa hiyo chakavu yako ya kona ni 168 na si 196 uliyokuwa ukiikadiria.

Na hapa fundi ametusaidia bila kukusudia, maana alianza na mraba. Mwl_Kasulu, anza somo lako kwa mraba wa nusukipenyo, 7 kwa 7, wenye eneo la 49. Minne ya namna hiyo inalifunika duara lote na kuzidi kwenye kona. Waulize kabla ya kukata chochote: duara linahitaji mingapi? Watabishana kati ya mitatu na mitatu na nusu. Mwisho wa somo, walipate jibu kwenye 154 yao wenyewe: mitatu ni 147, inabaki 7, ambayo ni sehemu ya saba ya mraba mmoja. Hapo r mara r haitakuwa herufi tu. Itakuwa mraba waliouona.

Fundi_Bati_Isevya (Jumatatu, saa 3:30 asubuhi)

Basi mnunuzi wa chuma chakavu ndiye aliyekuwa anapunjika kwenye makadirio yangu, au mimi? Hebu nipime vizuri leo.

Mwl_Kasulu (Ijumaa, saa 2:30 usiku)

Shikamoo Mzee, na asanteni wote. Jana nimefundisha mkondo B, na ninaleta mrejesho kama ulivyokuwa, pamoja na yaliyoharibika.

Nilianza na miraba minne ya 7 kwa 7 na ubishi ukawa mkubwa kuliko nilivyotazamia. Wengi walisema mitatu na nusu. Kisha tukakata vitana vya Mama Ujiji, meno 8 kwa kila nusu, jumla 16. Makundi mawili yalikata mpaka nje kwa bahati mbaya, lakini vipande havikupotea kwa sababu nilikuwa nimefunga madirisha. Kipande cha mwisho tulikigawa katikati na kuihamisha nusu yake, na umbo likasimama. Sikuona kundi lolote lililopata namba ya ajabu kama ile 157.

Sehemu ya uzi na rula ilichukua dakika 25, nyingi kuliko nilizopanga. Uzi ulitoa kati ya 21.8 na 22.3, kutegemea mtoto aliuvuta kiasi gani. Uzi wa kushonea unavutika, mwakani nitatafuta uzi wa katani. Rula ilitoa 21.8 na 6.9, kwa hiyo 150. Nilipochora ubaoni namba za mkondo A za vipande 8 pembeni mwa hizi za vipande 16, mvulana mmoja alisema, "Rula inakimbilia kwenye uzi," kabla sijauliza. Sikuwa nimewaambia neno hilo.

Jambo ambalo sikulitarajia lilikuwa mzingo. Wanafunzi wengi walidai kwamba umbo jipya lazima liwe na mzingo wa 44 kwa sababu ni karatasi ile ile. Tulipoupima tukapata 22 na 22 na 7 na 7, yaani 58, wakadhani tumekosea. Ilibidi niwaonyeshe kwamba zile pande mbili za 7 zilikuwa ndani ya duara na mkasi ndio uliozileta nje. Kumbe wanaamini kwamba kama eneo halibadiliki basi na mzingo haubadiliki. Hilo nitaliandika kwenye andalio kama swali la kuuliza, si la kusubiri litokee.

Muda haukutosha kufika kwenye herufi. Tuliishia "nusu ya mzingo mara nusukipenyo" kwa maneno, na πr² imesubiri kipindi kijacho. Kaka wa Nzega, kwa dakika 40 sijui ningekata nini, pengine ningeacha sehemu ya uzi, ingawa ndiyo iliyolipa zaidi.

Binti wa mkondo A nilimpa mkasi kama ulivyoagiza Mzee. Alikata matuta yake 8, akayabandika kwenye miraba, akahesabu 14 na nusu. Kisha akaomba umbo la vipande 16 la mkondo B, akayaangalia matuta yake madogo kwa muda, akauliza kama tuta lenyewe nalo likikatwa na rula litabaki na tuta jingine juu yake. Nimempa umbo moja na karatasi ya miraba akajaribu nyumbani. Kipindi chetu kijacho ni Jumanne.